Barua ya wazi kwa wahariri na waandaaji wa mashindano ya hadithi: hamisheni chujio

Ndugu wahariri wa majarida ya fasihi, waandaaji wa mashindano na wenyeviti wa majopo ya majaji,

Salamu. Tunawaandikia sisi tunaosoma miswada kabla haijafika mezani kwenu, pamoja na wenzetu wanaoituma. Hoja yetu ni moja: namna mnavyochuja hadithi zilizoandikwa na akili mnemba. Kuchuja hatupingi. Mwandishi aliyekaa miezi minne na hadithi ya maneno elfu tatu hastahili kushindana na mtu aliyebonyeza kitufe. Tunachopinga ni mahali mnapoliweka chujio lenu. Wengi mmeliweka mlangoni, na mmelikabidhi kwa programu ya kutambua maandishi ya mashine. Tunawaomba mlihamishie karibu na mwisho wa safari ya mswada, na mlikabidhi kwa watu.

Tuanze na jambo mnalolikumbuka. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Tarehe 20 Februari 2023 jarida la Clarkesworld, ambalo huchapisha hadithi za sayansi na njozi na hulipa kwa neno, lilifunga dirisha lake la kupokea miswada. Katika siku zile ishirini za Februari lilikuwa limepokea miswada ya mashine ipatayo 500, ilhali ile ya watu ilikuwa kama 700. Mhariri wake, Neil Clarke, alieleza hadharani kwamba mafuriko yale yalitoka zaidi kwa watu wasiokuwa na habari na fani hii, waliovutwa na mafunzo ya mtandaoni ya kujipatia pesa za haraka. Jarida la Asimov's nalo lilijikuta na hadithi zaidi ya 20 zenye kichwa kilekile, "Tumaini la Mwisho" kwa Kiswahili chetu.

Vichwa hivyo vinafundisha kitu. Mafuriko yalitambulika kwa mwenendo wa watumaji kabla hata ya mtu kusoma aya ya pili. Mtu wa pesa za haraka hasomi masharti. Mmeomba hadithi zisizopungua maneno 2,000, yeye analeta 900. Mmesema hadithi moja kwa kila mwandishi, yeye analeta sita ndani ya saa moja. Barua yake ya utangulizi haisemi yeye ni nani, inasimulia ploti ya hadithi kwa sentensi tatu za sifa. Mara nyingine mswada unakatikia katikati ya sentensi, au mwanzoni pamebaki mstari wa "Hii hapa hadithi uliyoomba", maana aliyenakili hakusoma alichonakili.

Dalili hizi mnaweza kuzikusanya bila programu yoyote ya kupima nathari, kwa fomu ya kupokelea miswada tu. Ila zisiwe sababu ya kutupa mswada. Ziwe sababu ya kuupeleka nyuma ya foleni. Clarkesworld ilipofungua tena dirisha mwezi Machi 2023 ilifuata njia ya namna hiyo: mswada unaotiliwa shaka unashushwa chini ya foleni, na bado mtu anautazama. Tofauti ya kushusha na kutupa ni kubwa. Miswada sita kutoka kompyuta moja katika saa moja inaweza kuwa ya mlaghai mmoja. Inaweza pia kuwa ya wanafunzi sita wa klabu ya uandishi wanaotumia kompyuta moja. Ukishusha, utawakuta baadaye na kuwaomba radhi kwa kuchelewa. Ukitupa, hutajua kamwe kwamba walikuwapo.

Sasa tuje kwenye vitambuzi vyenyewe, maana hapo ndipo panapouma.

Kitambuzi hakijui nani ameandika. Vingi vinachofanya ni kukadiria: kwa maneno yaliyotangulia, neno linalofuata lilitabirika kiasi gani? Maneno yakitabirika kwa mfululizo, sentensi zikilingana urefu na mpangilio, alama inapanda upande wa "mashine". Basi fikirini mwandishi wetu wa Kiswahili anayeanza kwa "Hapo zamani za kale", kisha mhusika wake mzee anasema "haba na haba". Nani asiyejua neno linalofuata? Kwa mantiki ya kitambuzi, kila methali iliyonukuliwa kwa ukamilifu, kila fomula ya simulizi tuliyorithi, ni hatua moja kuelekea kushtakiwa. Mwandishi mchanga ndiye anayeegemea zaidi vitu hivyo, na ndiye mwenye msamiati finyu na sentensi fupi zilizo salama. Kwa hiyo kosa la kitambuzi halimwangukii mtu yeyote kwa bahati nasibu. Linamfuata yeye.

Hili lilipimwa kwa Kiingereza. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, asilimia 61, zilitajwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote. Kisha watafiti wakafanya kitu kinachochekesha na kuhuzunisha kwa pamoja: waliiambia ChatGPT ipambe msamiati wa zile insha za TOEFL ufanane na wa mzawa wa lugha, halafu wakazipima upya. Makosa yakashuka hadi kama asilimia 12. Maana yake, mtu aliyeandika mwenyewe alionekana mashine, na alipopakwa rangi na mashine akaonekana mtu.

Mwandishi mchanga anasikia habari hizi. Akishajua kwamba jarida lenu linatumia kitambuzi, anachofanya ni kuipeleka hadithi yake kwenye vitambuzi vya bure kabla ya kuwaletea. Kikimwambia asilimia 70 mashine, anavunja sentensi zake, anabadilisha maneno sahihi kwa maneno ya ajabu, anaharibu aya nzuri mpaka namba ishuke. Mnachopokea mwishoni ni mswada ulioandikwa kwa ajili ya programu. Na yule mlaghai mzoefu ameshanunua huduma ya kuyafanya maandishi ya mashine "yaonekane ya mtu", anapita bila jasho.

Tufanye hesabu, kwa sababu namba ndogo za makosa huwadanganya waandaaji. Kampuni ya OpenAI yenyewe ilitoa kitambuzi Januari 2023. Ilisema bayana kwamba katika majaribio kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliyashutumu kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya watu. Ilionya pia kwamba hakifai kwa matini fupi, na kwamba katika lugha zisizo Kiingereza kinafanya vibaya zaidi. Julai mwaka huohuo ikakiondoa kwa sababu ya usahihi wake mdogo.

Sasa tuseme shindano lenu limepokea hadithi 1,000, na kwa siri ya Mungu 100 ni za mashine, 900 ni za watu. Kitambuzi cha namna ile kitanasa 26 kati ya zile 100. Kati ya zile 900 za watu kitazishutumu 81. Mezani mna hadithi 107 zenye alama nyekundu, na 81 kati yake, yaani robo tatu, zimeandikwa na watu. Na bado za mashine 74 zimepita. Mtu akiwaletea kitambuzi kipya anachodai kinakosea asilimia 1 tu, rudieni hesabu: watu tisa katika kila shindano wanaandikiwa barua ya kuitwa wadanganyifu. Shindano likifanyika kila mwaka, ndani ya miaka mitano ni watu 45. Na asilimia hiyo moja ni ya muuzaji, iliyopimwa kwa matini alizochagua yeye na kwa lugha aliyoichagua yeye. Kabla ya kuiamini kwa hadithi za Kiswahili, mwombeni aonyeshe majaribio ya Kiswahili. Msipoyaona, chukulieni kwamba namba ile haiwahusu.

Kuna jamaa zetu wanaofanya jambo baya zaidi: wanabandika mswada kwenye ChatGPT na kuiuliza, "Je, wewe ndiye uliyeandika hii?" Programu ile haina daftari la kila ilichomwandikia kila mtu. Inajibu kwa ufasaha tu, na inaweza hata kukubali kazi isiyo yake. Jibu lake halina uzito wowote. Isitoshe, kubandika mswada wa mtu kwenye tovuti ya kampuni nyingine ni kumtolea kazi yake isiyochapishwa mahali ambapo hakuruhusu. Kama masharti yenu hayasemi mtafanya hivyo, hamna haki ya kufanya hivyo.

Basi mtatumia nini? Jibu letu linaanzia kwenye jambo ambalo wengi hulisahau: kwa hadithi nyingi hamhitaji kujua nani ameandika. Mnahitaji kujua kama ni nzuri. Hadithi ya mashine iliyo dhaifu, na nyingi ni dhaifu, ikataeni kwa udhaifu wake, kwa barua ileile fupi mnayomtumia kila mtu. Hapo hakuna shutuma, hakuna uchunguzi, na hakuna mtu mwaminifu aliyeumizwa. Swali la nani ameandika linakuwa na maana pale tu hadithi inapokaribia kupewa pesa au ukurasa. Kati ya zile 1,000, orodha ndefu huwa labda 40 na orodha fupi 12. Kuwahoji watu 12 kwa dakika 20 kila mmoja ni kazi ya saa nne kwa wasomaji wawili. Hiyo ni nafuu kuliko ada ya programu, na ni nafuu zaidi kuliko aibu ya kumvua mtu tuzo.

Kabla ya kufika huko, msomaji wa awali anaweza kuandika alama ya swali pembeni mwa mswada. Hii ni sanaa ya kusoma, na ina mipaka yake. Tuseme hadithi namba 214 inamhusu Rehema, fundi cherehani. Aya yake ya tatu inasema:

"Rehema alivuta pumzi ndefu. Kimya kilikuwa kizito kama blanketi. Alijua kwamba hakuna kitu kitakachokuwa kama zamani tena."

Msomaji anasita, na ana haki ya kusita. Aya hii ingeweza kuwekwa katika hadithi ya mvuvi, daktari au jambazi bila kubadilisha herufi. Kimya kufananishwa na blanketi ni mfano ulioazimwa kutoka lugha nyingine. Mjuzi wa Kiswahili angekuwa na kimya cha kusikia sindano ikianguka, hasa akiwa chumbani kwa fundi. Sentensi ya mwisho inafunga aya kwa kutangaza maana yake, na mtindo huo wa kufunga kila aya kwa tangazo ndio unaotuchosha zaidi katika hadithi za mashine. Angalieni pia kama vitu vina matokeo. Katika hadithi nyingi za mashine mkasi unatajwa ukurasa wa kwanza kwa kuwa fundi lazima awe na mkasi, halafu haukati kitu. Wahusika wanagombana na kupatana bila mmoja wao kupoteza chochote.

Lakini ukurasa wa pili wa hadithi hiyohiyo unasema:

"Alijaza uzi wa chini upya ingawa ulikuwa bado. Uzi wa chini una tabia ya kuisha mteja akiwa amesimama mlangoni, na mteja akiona umefungua cherehani anaanza kuomba apunguziwe."

Hapa kuna mtu. Mashine inaweza kubahatisha sentensi ya namna hii mara moja, hatukatai, ila hapa ufundi wa cherehani na tabia ya mteja vimefungwa katika tendo moja, na tendo hilo linasukuma hadithi mbele. Tafsiri iliyo rahisi zaidi ya namba 214 ni kwamba mwandishi ni mchanga, amesoma riwaya nyingi za kutafsiriwa, na panapokuwa na hisia nzito anakimbilia lugha aliyoisikia kwingine. Wengi wetu tulianza hivyo. Kwa hiyo alama zote tulizotaja, na nyingine mnazopenda kuzitaja, kama wingi wa vistari au vitu kupangwa vitatuvitatu, zinamwambia msomaji asome zaidi. Haziwezi kumwambia aache kusoma.

Makosa ya lugha nayo yana lugha yake. Mtu anayechanganya "r" na "l", au anayedondosha "h", huchanganya hadithi nzima kwa utaratibu unaofuata masikio yake. Mswada ambao ukurasa mmoja una upatanisho wa ngeli usio na dosari, na ukurasa unaofuata una "kitabu yake" na "watu hizi", unastahili swali. Swali tu, maana huenda mwandishi alimpa rafiki ahariri nusu, au huenda kosa ni mazungumzo ya mhusika.

Wengine mnataka ushahidi wa faili. Ni kweli faili la Word linabeba taarifa za ndani. Faili la docx ni mkoba uliofungwa, na ndani yake kuna karatasi inayoandika dakika ambazo faili lilikuwa wazi kwa kuhaririwa. Kwenye dirisha la amri la Linux au Mac, mstari huu unaionyesha:

```
unzip -p hadithi.docx docProps/app.xml
```

Humo mtaona `TotalTime`, kwa dakika. Ikisema 2 kwa hadithi ya maneno elfu tatu, msirukie hitimisho. Itasema 2 au 0 pia kwa mtu aliyeandika kwenye daftari akapeleka kuchapiwa, kwa aliyeandika kwenye simu kwa sehemu sehemu na kuzituma kwake mwenyewe kama ujumbe, kwa aliyetumia programu nyingine kisha akahifadhi upya kama docx. Hao ndio waandishi wasio na kompyuta, na ndio tunaosema tunawatafuta. Vilevile, mlaghai anaweza kuacha faili wazi usiku kucha akapata dakika 500. Historia ya matoleo katika Google Docs ni nzuri zaidi kwa aliye nayo: inaonyesha aya zikikua, zikifutwa, zikihamishwa. Ichukueni kama inamsaidia mwandishi. Kukosekana kwake kusihesabiwe dhidi yake.

Hapo ndipo mazungumzo yanapoingia. Waandishi wote walio kwenye orodha fupi wahojiwe. Mkiwahoji wale mnaowashuku tu, kupigiwa simu kunakuwa tayari ni hukumu, na habari itasambaa. Tangazeni tangu mwanzo, kwenye masharti, kwamba kila atakayefika orodha fupi atazungumza na wasomaji wawili kwa dakika kama 20. Mwandishi achague: simu, video, au kuandikiana papo kwa papo kwa mwenye kigugumizi, asiyesikia, au asiyejiamini kuzungumza na wageni. Mpeni siku tano za kujiandaa na mwambieni anaweza kuleta chochote alicho nacho: daftari, rasimu, sauti aliyojirekodi njiani, ujumbe aliomtumia rafiki akilalamika kwamba mwisho haumkubali.

Maswali yasiwe mtihani wa kumbukumbu. "Dada yake Rehema anaitwa nani?" ni swali baya, mtu anaweza kusahau jina la mhusika wake mdogo, na mlaghai anaweza kulikariri. Ulizeni kuhusu maamuzi. Ni tukio gani liliandikwa kwanza? Nini kiliondolewa, na kilikuwa kinasema nini? Kwa nini tunatazama kwa macho ya Rehema, na hatutazami kwa macho ya mteja? Ni sentensi gani ambayo mpaka leo haikuridhishi? Kwa namba 214 tungemuuliza kuhusu uzi wa chini: umejuaje? Kisha tungemsomea aya ya blanketi na kumwomba aiseme upya kwa mdomo, kwa maneno ambayo Rehema mwenyewe angetumia. Mwandishi halisi mara nyingi huitetea kidogo, halafu anaona aibu, halafu anatoa kitu bora kuliko kilichomo. Mtu ambaye hakuandika hana mabaki: hakumbuki kitu alichokitupa, kwa sababu hakutupa kitu. Huyo hujibu kwa kusifu hadithi yake kwa jumla, mandhari yake, ujumbe wake, mafunzo yake.

Mazungumzo nayo hukosea. Mtu mwenye woga anaweza kujibu kwa neno mojamoja. Ndiyo maana wasomaji wawe wawili, kila mmoja aandike maoni yake kabla ya kuzungumza na mwenzake, na wakitofautiana mwandishi anapita. Alama ya kitambuzi, kama kuna mtu aliitumia, wasioneshwe. Akishaona namba, mhoji huanza kusikia anachotarajia.

Hayo yote hayana miguu kama sharti lenu halisemi linakataza nini. Januari 2024 mwandishi wa Japani Rie Kudan alipokea Tuzo ya Akutagawa kisha akasema kwamba kama asilimia 5 ya kitabu chake ilinukuu moja kwa moja maneno ya ChatGPT. Dunia ikapiga kelele. Baadaye alifafanua kwamba sehemu hizo zilikuwa majibu ya programu ya akili mnemba iliyomo ndani ya hadithi yenyewe. Ubaya wake ulikuwa wapi? Kila mmoja alijibu kwa sharti alilokuwa nalo kichwani. Mkiandika tu "msitumie akili mnemba", mmemkataza mtu anayetumia kikagua tahajia, asiyeona anayeamuru simu yake iandike, na anayetafuta maana ya neno. Mkiandika "isitumike kupita kiasi", hamjasema kitu.

Tunapendekeza maneno ya namna hii, myarekebishe mnavyoona: "Sentensi za hadithi hii, pamoja na mpangilio wa matukio yake, ziwe zimetungwa na mwandishi. Kikagua tahajia, kamusi na programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi vinaruhusiwa. Programu inayotunga, inayoandika upya au inayotafsiri aya nzima hairuhusiwi, isipokuwa kama maneno yake yamenukuliwa ndani ya hadithi kwa makusudi ya kisanaa, na mwandishi ameyataja kwenye fomu." Chini yake pawe na kisanduku cha kutia alama na nafasi ya mistari mitatu ya kueleza. Wasema kweli wataitumia ile mistari mitatu. Wengi wanaovunja sharti huwa hawajui kwamba wamelivunja. Mistari mitatu inawapa mahali pa kuuliza.

Kuna milango ambayo tunawasihi msiifunge hata mkielemewa. Msitoze ada ya kushiriki kwa hoja kwamba itawazuia walaghai. Mlaghai anayetegemea zawadi ataihesabu kama mtaji, na mwanafunzi ataahirisha mpaka mwakani. Msidai kazi mbili zilizochapishwa au barua ya mdhamini. Msizuie nchi nzima kwa sababu mafuriko ya wiki iliyopita yalitoka huko. Clarke aliliona hili mapema: alipofunga dirisha alisema hofu yake ni kwamba njia hii itaishia kuwawekea vizuizi waandishi wapya na wa mataifa mengine. Ukomo wa hadithi moja kwa kila dirisha, kwa upande mwingine, ni sawa kabisa. Unampunguzia mlaghai kasi na haumgusi mtu aliye na hadithi moja tu.

Imebaki barua ya kukataa. Nyingine tulizozisoma zinasema: "Mfumo wetu umebaini kwamba kazi yako imetungwa na mashine kwa asilimia 83. Usitume tena." Mfumo haujabaini, umekadiria. Asilimia 83 ya nini haijaelezwa. Na mtu hana pa kujibu. Kama hadithi haikufika orodha fupi, andikeni kwamba haikuchaguliwa, basi. Kama ilifika na mazungumzo hayakuwaridhisha, andikeni hivi: "Baada ya mazungumzo yetu hatukupata uhakika wa kutosha kwamba hadithi hii inatimiza sharti letu la utunzi, kwa hiyo hatutaendelea nayo. Kama una rasimu au maelezo ambayo hatukuyaona, tuletee ndani ya siku 14. Yatasomwa na mtu ambaye hakushiriki mazungumzo ya kwanza. Uamuzi huu ni wa hadithi hii pekee, na unakaribishwa kutuma nyingine." Jina lake lisiingie kwenye orodha yoyote ya kupeana kati ya majarida. Orodha za namna hiyo hazina tarehe ya kufutwa.

Ombi letu la mwisho ni dogo. Matokeo yakitangazwa, chapisheni pia mistari michache ya hesabu: miswada mliyopokea, iliyoshushwa nyuma ya foleni, kati yake iliyosomwa na kupandishwa tena, watu mliozungumza nao, waliokataliwa baada ya mazungumzo, na waliokata rufaa wakashinda. Ile ya kupandishwa tena ndiyo tutakayoitazama kwanza.

Wenu katika kazi,
Wasomaji wa awali na waandishi wa hadithi fupi